Siku Tano za Kulipa

Mimi sipendi kungoja, na kila mutu anayenunua vitumbua vyangu hapa Kasongo anajua. Mafuta yakichelewa kupata moto nayatukana. Mvua ikichelewa kupita natoka nayo. Kwa hiyo nikikuambia kwamba nilikaa siku kumi na saba kando ya kitanda kimoja cha materniti, ujue sikukaa kwa mapenzi yangu. Ni Sidonie alinikalisha.

Jina langu ni Binti. Nilizaliwa Nyangwe, kule baba yangu alikokuwa akiuza samaki wa kukausha, nikaolewa Kasongo, nikafiwa na mume, nikabaki na mutoto mumoja wa kiume, Faradji, anayebeba mizigo kwa pikipiki kati ya hapa na Salamabila kwenye dhahabu. Faida ni muke wa Faradji. Ni mutoto wa watu wenye adabu. Adabu yake ilikuwa nyingi kupita kiasi, hata mbele yangu hakuweza kusema kwamba tumbo linamuuma. Nilikuwa namusifu kwa majirani kwa sababu ya hiyo. Leo ninajuta kidogo.

Sidonie ni mukunga. Watu wake ni wakulima Wazimba wa upande wa barabara ya kusini, Wakristo tangu babu zao, na yeye amefanya kazi materniti yetu zaidi ya miaka ishirini. Mwanamuke mufupi, viatu vya plastiki, sauti ya chini. Ukimusalimia haraka, atakujibu polepole, kusudi, mupaka na wewe upunguze mwendo. Nilikuwa simupendi. Niliona anajivuna. Kumbe alikuwa anahesabu. Yeye anahesabu wakati wote, hata akikusalimia.

Siku ile ilikuwa Alhamisi, mwisho wa mwezi wa kumi, baada ya sala ya adhuhuri. Mvua ilikuwa imepita, na jua lilikuwa limerudi jeupe, lile jua la usingizi ambalo hata kuku wanasimama mahali pamoja wakisahau walikuwa wanaenda wapi. Faida alikuwa ameinama anachagua mawe ndani ya muchele. Alisimama, akatazama chini. Kanga yake ilikuwa imelowa mupaka magotini, na maji yalikuwa yanaendelea kushuka taratibu.

"Mama," alisema, "nafikiri nimejikojolea."

Alisema kwa haya kubwa, na alikuwa anatabasamu ili nisikasirike. Nilisimama haraka, muchele ukamwagika. Maji yale niliyajua.

Lazima niseme habari ya Kabambare, maana bila hiyo huwezi kuelewa kitu. Miaka mitatu nyuma tulikuwa tunaishi kule Kabambare, mimi na Faida, Faradji akiwa njiani. Mimba yake ya kwanza ilifika miezi tisa kamili, maji yakavunjika, uchungu haukuja. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, na hospitali ilikuwa mbali. Mimi nilisema: subira huvuta heri. Nilimukalisha ndani ya beseni la maji ya moto na majani ya kuamsha uchungu. Asubuhi na jioni nilinawa mikono, nikamupima njia kwa vidole vyangu, kama bibi yangu alivyonifundisha. Tulingoja siku tano. Siku ya tano mutoto alizaliwa akiwa na joto la mwili kama mukate uliotoka sasa hivi jikoni, na hakunyonya. Alikaa siku mbili. Faida hakunilaumu hata kwa jicho, na hicho ndicho kilichoniumiza zaidi.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Niliposimama pale uani na muchele umemwagika, nilijua jambo moja tu: mutoto huyu atoke leo. Nilikwisha kuwasha moto, nilikwisha kuweka majani ndani ya sufuria, ndipo nikakumbuka lile beseni la Kabambare. Nikaacha sufuria vile vile. Nikasimamisha pikipiki ya jirani, nikamupakia Faida katikati, nikashika nyuma, tukaenda materniti.

Pale tulipokelewa na mwanafunzi mumoja wa uuguzi, alikwisha kuvaa glavu tayari kumupima Faida njia. Sidonie alitokea nyuma yake, akamushika mukono, akaushusha taratibu.

"Hapana vidole," alisema. "Kama maji yamevunjika, kila kidole kinapeleka wadudu juu kwa mutoto. Leta kifaa kilichochemshwa, na taa."

Alimulaza Faida kwanza. Hakufanya kitu. Alisema anataka alale kitambo, ili maji kama yapo yajikusanye mahali pake. Mimi nilikuwa nazunguka kitanda. Alinitazama.

"Mama Binti, kaa."

"Nitakaaje na mutoto anakauka ndani?"

"Hakauki. Maji yanatengenezwa kila siku, ni yeye mwenyewe anayakojoa. Kaa."

Nilikaa. Nilikuwa sijawahi kusikia habari kama hiyo, kwamba mutoto anajitengenezea muto wake wa maji mwenyewe, na ilinishangaza hata hasira ikanitoka kwa muda. Dirishani mapazia ya kijani yalikuwa yanapumua. Nje mutu alikuwa anatwanga, polepole, na kila pigo lilichelewa kidogo kuliko nilivyotegemea.

Kisha Sidonie aliingiza kile kifaa cha chuma, kwa upole, akaangalia ndani kwa taa. Akamuambia Faida akohoe. Faida akakohoa, na Sidonie akaitikia kwa kichwa: aliona maji yanashuka kutoka mulango wa kizazi. Alipangusa maji kwa pamba, akainusa. Haikuwa mukojo, na haikuwa na harufu mbaya. Lakini hakuridhika. Alichukua tone moja lililokusanyika chini, akalipaka juu ya kioo kidogo, akanipa nikishike.

"Kikauke chenyewe. Usipulizie," alisema. "Tupeleke kwa Élysée."

Élysée ni fundi wa laboratwari, mutu murefu mwenye mafua ya daima. Alikuwa anatafuta malaria ya watu wengine. Aliweka kioo chetu chini ya darubini, akazungusha, akasogea pembeni. "Njoo uone, Mama."

Niliweka jicho. Mwanzo niliona ukungu tu. Halafu, walahi, niliona majani. Majani madogo madogo yenye matawi, na kila tawi na vitawi vyake, kama yale yanayomea kando ya kijito chenye kivuli. Msitu muzima, mweupe, kimya, juu ya kipande cha kioo. Nilikaa pale mupaka Élysée akapiga chafya.

"Mukojo haufanyi hivi," alisema Sidonie nyuma yangu. "Ni maji ya mutoto yakikauka. Sasa tuko na uhakika."

Basi nilifikiri mambo yamekwisha: maji yamevunjika, mutoto atolewe. Dokteri Marcellin alikuja, kijana mwema aliyechoka, akachukua fishi ya Faida, ile kadi ya vipimo vya mimba. Ilikuwa imeandikwa wiki thelathini na saba.

"Amekomaa," alisema dokteri. "Akifika thelathini na saba na uchungu haujaanza, hatungoji. Tunaanzisha uchungu ndani ya siku moja, kabla wadudu hawajapanda. Tuweke serumu ya uchungu."

"Ndiyo," nilisema mimi. "Ndiyo, dokteri. Leo hii."

Sidonie alikuwa ameweka mikono yake miwili juu ya tumbo la Faida. Hakuwa anapima kwa mita. Alikuwa anashika tu, macho yamefumbwa, kama mutu anayenunua papai gizani.

"Dokteri, mutoto huyu ni mudogo," alisema.

"Maji yametoka, lazima tumbo lipungue."

"Ni kweli. Ndiyo sababu nataka kujua nani alisema thelathini na saba."

Nilisema mimi, na ni kweli ni mimi. Siku Faida alipokwenda kupimwa mara ya kwanza, muuguzi alimuuliza: uliona damu mara ya mwisho lini? Faida aliinamisha kichwa, mimi niko pale. Mimi nikajibu kwa ajili yake: tangu Faradji aliporudi kutoka Salamabila, katikati ya mwezi wa pili. Nilihesabu kwa vidole mbele ya watu wote, na muuguzi akaandika. Nilijiona nimesaidia sana. Mama-mukwe anayejua kila kitu, huyo ndiye mimi.

Sidonie alivuta kiti, akakaa karibu na kichwa cha Faida. Nilidhani atamuuliza tena habari ya damu na Faida atakufa kwa haya. Lakini yule Mukristo, mwanamuke wa shamba la mihogo, aliuliza kitu ambacho mimi niliyesoma Kurani tangu nina miaka sita sikukifikiria.

"Mwanangu, Ramadhani iliyopita, uko na deni ya siku ngapi?"

Wanawake Waislamu wanaelewa, lakini nitaeleza. Mwanamuke akiwa katika siku zake hafungi. Anakula kwa siri, nyuma ya jiko, hata mama-mukwe asione, na anaweka hesabu moyoni, maana zile siku lazima azilipe baadaye. Mutu anaweza kusahau siku aliyozaliwa. Siku za kulipa hasahau.

Faida aliniangalia mimi, kisha ukuta.

"Tano," alisema.

"Za mwanzo ao za katikati?"

"Za mwisho. Hata Idi ilinikuta. Sikusali."

Na hapo niliona ile asubuhi ya Idi, yote, kama iko mbele yangu: watoto na nguo mupya, manukato, sisi tunatoka kwenda uwanjani, na Faida amebaki jikoni na upawa mukononi. Nilikuwa nimemuita muvivu. Nilimuita muvivu mbele ya dada zake, siku ya Idi, na yeye akacheka tu akaendelea kukoroga. Idi ilikuwa mwisho wa mwezi wa tatu. Kama aliona damu siku zile, basi Faradji aliporudi mwezi wa pili hakuleta mimba yoyote. Mimba ilikuja baadaye, na hesabu yangu yote ya vidole ilikuwa takataka.

Sidonie alikuwa mbele ya kalenda ya ukutani, anapiga wiki kwa kucha, mustari kwa mustari. "Damu ilikuwa ya kawaida? Nyingi kama siku zote?" Faida alikubali. Kisha Sidonie aligeuza fishi. "Angalia, dokteri. Mwezi wa nane walipima tumbo lake kwa mita. Sentimita kumi na tisa. Kwa hesabu ya fishi alipaswa kuwa wiki ishirini na tano. Kwa hesabu ya Ramadhani, kumi na tisa. Tumbo lilikuwa linasema ukweli, hakuna mutu aliyelisikiliza."

Dokteri alihesabu mwenyewe mara mbili. "Thelathini na moja," alisema. "Leo." Aliweka chini ile chupa ya serumu aliyokuwa ameishika. Nilimuona anavyoiweka, polepole, na nikaelewa jinsi tulivyokuwa karibu kukosea.

"Sasa tunangoja," alisema Sidonie.

Nilisimama. Nilisema maneno mengi ambayo sitayarudia. Nilisema habari ya Kabambare yote, beseni, majani, vidole vyangu, siku tano, mbele ya dokteri na mwanafunzi na Faida mwenyewe, ambaye sikuwahi kuzungumza naye habari ile tangu maziko. Nilisema: nilingoja nikaua, na sasa mnaniambia kungoja.

Sidonie hakuniambia ninyamaze. Aliningojea nimalize, kisha alishika kiwiko changu, akanipeleka dirishani.

"Yule wa Kabambare alikuwa amekomaa, Mama. Kwake ndani hakukuwa tena na faida, kulikuwa na hatari tu, alipaswa kutoka ndani ya siku ile. Huyu mapafu yake ni mabichi. Akitoka leo, hapa kwetu, bila mashine, pengine hatapumua. Kila siku anayoongeza ndani ni pumzi. Lakini mulango uko wazi, wadudu wanaweza kupanda. Kwa hiyo hatungoji kama mulivyongoja kule. Tunangoja tukiangalia. Siku hatari ya wadudu itakapozidi hatari ya kuzaliwa mapema, siku hiyo hata saa moja sitangoja. Umenisikia?"

Nilimusikia. Methali hazijui hesabu, hilo ndilo nililojifunza pale dirishani. Subira huvuta heri, haraka haraka haina baraka, yote ni maneno mazuri, lakini yanataka kwanza ujue uko wiki ya ngapi.

Ndiyo ikaanza ile kazi ya kungoja. Walimuchoma Faida sindano ine za kukomaza mapafu ya mutoto, moja kila baada ya saa kumi na mbili. Walimupa vidonge vya antibiotiki, mara ine kwa siku, siku kumi. Hakuna vidole, hakuna beseni, hakuna majani, hakuna mume. Mara kadhaa kila siku: kipima-joto, mapigo ya moyo wa mama, mukono juu ya tumbo kuona kama linauma, na ile pembe ya mbao sikioni kuhesabu moyo wa mutoto. Dokteri alisema tujaribu kufika wiki thelathini na ine, kisha ataangalia upya. Siku ishirini na moja. Nilichora mistari ishirini na moja kwa mukaa chini ya dirisha.

Kazi yangu ilikuwa vitambaa. Nilikata kanga yangu ya zamani ya maua mekundu iliyofifia mupaka ikawa nyeupe, nikafua, nikaanika juani, nikapiga pasi ya makaa. Faida alivaa, kikilowa ananipa, na mimi namupelekea Sidonie. "Rangi gani?" Meupe. "Harufu gani?" Sijui, kama mvua juu ya jiwe. "Vizuri," na anaandika. Vitambaa vitano, sita kwa siku. Sijawahi kuchungua kitu maishani mwangu kama nilivyochungua vile vitambaa.

Na jambo la ajabu ni kwamba nilianza kupenda. Mimi. Muchana ulikuwa murefu na laini. Mvua inakuja saa nane, inapita, na mwanga unapanda ukutani wenye rangi ya asali. Faida analala kwa ubavu, mukono chini ya shavu. Tulizungumza kuliko miaka yote tuliyokaa nyumba moja. Aliniambia alikuwa akila nyuma ya jiko siku zile tano, muhogo baridi, akinisikiliza miguu. Nilimuambia na mimi nilikuwa nikifanya vile vile, kwa mama-mukwe wangu, nyuma ya jiko lile lile. Alicheka mupaka Sidonie akaja kumukataza, eti asitikise tumbo. Wakati mwingine nilisinzia na kuota ule msitu mweupe wa kwenye kioo, natembea ndani, majani hayana uzito, na mbali mutu mudogo anahema. Nilikuwa naamka na kuweka kitambaa kingine puani.

Sidonie aliniachia pembe ya mbao mara moja. Niliweka sikio. Ilikuwa kama mutu anakimbia kwa viatu laini, mbali sana, na hachoki. "Mia na arobaini," alisema. "Mukimbiaji muzuri."

Mistari kumi na sita ilikuwa imekatwa. Ilibaki michache tu. Siku ya kumi na saba, baada ya sala ya alfajiri, Faida akiwa bado na usingizi, alinipa kitambaa. Nilitoka nacho nje kama kawaida, kwenye mwanga. Rangi ilikuwa nyeupe, pengine na umanjano kidogo. Nilileta puani.

Ilikuwa ndogo sana. Mutu mwingine asingeisikia. Ilikuwa ile harufu ya chumba chetu Kabambare, siku ya tatu.

Sasa nitasema ukweli, na ukinidharau, haya, unidharau. Sikwenda kwa Sidonie. Nilikwenda nyuma ya jiko la wagonjwa, nikakaa juu ya jiwe, kitambaa nimekikunja kifuani. Nilijiambia ni sabuni. Nilijiambia ni pua yangu, imezeeka, imejaa mafuta ya vitumbua. Siku ine zilikuwa zimebaki kufika thelathini na ine, siku ine tu, na kila siku ni pumzi, Sidonie mwenyewe alisema. Nikisema, watamutoa. Nisiposema, atazidi kukomaa. Kule Kabambare nilijidanganya vile vile: kesho, kesho. Nilikaa pale mupaka jua likanipata magotini.

Kisha nilisikia mapigo yangu mwenyewe masikioni, mbio mbio, na nikamukumbuka yule mukimbiaji. Niliamka. Nilikimbia kwa muguu, mimi mwenye magoti mabaya.

"Sidonie, nusa," nilisema. "Nimechelewa. Nilikaa nacho. Nusa."

Alinusa. Hakuuliza nilikaa nacho kwa muda gani. Alikwenda kwa Faida. Joto lilikuwa thelathini na nane na nusu. Mapigo ya Faida mia na kumi na ine. Alipogusa tumbo, Faida alikunja uso. Alimutuma mwanafunzi kumupima malaria, haikuwa malaria. Kisha pembe ya mbao, na Sidonie akahesabu muda murefu, dakika nzima, na tena nyingine.

"Mia na sabini na ine," alimuambia dokteri Marcellin. "Wadudu wamepanda."

"Siku ine tu," nilisema, ingawa nilijua. Mudomo wangu ulijisemea. "Siku ine."

"Mama Binti," alisema Sidonie, "jana ndani palikuwa mahali pazuri. Leo si pazuri tena."

Waliweka antibiotiki mbili kali katika mushipa, na serumu ya kuleta uchungu. Kichwa cha mutoto kilikuwa chini, njia ilikwisha kuanza kulainika. Sidonie hakutoka chumbani. Mimi nilishika kichwa cha Faida, na yeye alinishika shingo kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza tangu nimujue alilia mbele yangu kwa sauti. Nilifurahi kumusikia, Mungu anisamehe.

Kabla ya alasiri, mvua ikiwa inaanza, alitoka. Mutoto mwanamuke. Alikuwa mwembamba, mwekundu, kilo moja na gramu mia nane. Sidonie alimukausha, akamusugua mugongo. Nilisikia mvua juu ya mabati. Nilisikia mvua tu, na tena mvua. Kisha mulio, mwembamba kama wa paka, wenye hasira.

"Anapumua," alisema Sidonie, na akakaa chini, ghafla, kama mutu aliyekatwa kamba. "Anapumua mwenyewe."

Mutoto naye alichomwa antibiotiki. Faida alikuwa bado na homa, anatetemeka, hawakuweza kumuwekea kifuani. Sidonie alinitazama, akanifungua blauzi bila kuniomba ruhusa, akamuweka mutoto uchi kati ya matiti yangu yaliyokauka, akatufunga pamoja kwa kile kilichobaki cha kanga ya maua mekundu. Kofia ndogo kichwani. "Wewe ndiwe jiko lake," alisema. "Usiinuke." Sikuinuka. Siku mbili nilikaa hivyo, namusikia anapanda na kushuka, mupaka homa ya Faida ikashuka na nikamurudishia mali yake. Alianza kwa matone ya maziwa ya mama yake, kwa kikombe.

Faradji alifika mutoto akiwa na siku nane, matope mupaka masikioni. Alimuita mutoto Subira. Nilitaka kukataa, nikakumbuka mimi si mama-mukwe anayejua kila kitu tena.

Mwaka uliofuata, Subira akiwa anakaa mwenyewe, Faida alisema ana nguvu sasa, atalipa zile siku tano. Niliamka naye siku ya kwanza, nikapika daku, na alipokula nami nilikula. Jioni alipofungua, nilifungua naye. Siku ya pili vile vile, na ya tatu. Siku ya tano, tumekaa uani tunangoja jua lizame, tende ziko katika sahani, aliniuliza.

"Mama, wewe huna deni. Miaka mingi huoni tena siku zako. Unalipa nini?"

Nilitaka kumudanganya. Nilitaka kusema nafunga kwa afya ya tumbo.

"Zile tano za Kabambare," nilisema.

Faida alimuchukua Subira kutoka kwenye mukeka, akamuweka juu ya mapaja yangu, na akasogeza sahani ya tende katikati yetu. Jua lilikuwa bado halijazama. Tulingoja.